Kidonge cha Hasira

Kikohozi changu kilianza mke wa mwanangu akiwa na mimba kubwa. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kujipa umuhimu, nilisema ni uchovu wa kazi. Kazi zenyewe ni kufundisha darasa la pili hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kupika, na kumweleza kila mtu namna anavyopaswa kufanya mambo yake. Hiyo ya tatu ndiyo niliyodhani inachosha kifua.

Kilikuwa kikavu. Kinaanza na mkwaruzo kooni, kitu kidogo kama unyoya, ukijaribu kukizuia kinakucheka, na ukishakohoa mara moja huna tena uwezo wa kuchagua. Nilikohoa nikiita majina ya wanafunzi, wakajifunza kuitikia kati ya kikohozi kimoja na kingine. Nilikohoa msikitini upande wa wanawake mpaka jirani zangu wa safu wakaanza kusali mbali kidogo, kwa heshima. Nilikohoa matangani kwa watu, na mfiwa akaniuliza mimi kama niko salama.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mkwe wangu. Mwanangu anafanya kazi Afungi, ndani ya ule uzio wa mradi wa gesi, analala huko huko, na hurudi akimaliza zamu yake ya wiki kadhaa. Mkwe wangu anatoka nyanda za juu, kwa Wamakonde. Ni msichana mpole, haongei sana, na akisema jambo amekwisha kulipima. Mimi ni kinyume chake katika yote matatu.

Akajifungua mtoto wa kike.

Hapa kwetu kumwogesha mjukuu ni kazi ya bibi. Hakuna anayeitwa, hakuna anayeombwa. Bibi anapasha maji, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto juu ya miguu yake, na anaanza. Nilikuwa nimejiandaa miezi mingi. Nilikuwa na beseni jipya, mafuta ya nazi niliyoyakamua mwenyewe, na maneno makali kwa yeyote atakayeleta sabuni yenye harufu. Asubuhi waliporudi kutoka wodi ya wazazi niliingia chumbani kwao na beseni langu, nikakaa mkekani, nikanyoosha miguu, nikafungua mikono, nikakohoa.

Mkwe wangu alimvuta mtoto kifuani.

"Mama, nakuomba," akasema. "Kikohozi kwanza kiishe."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia, nikaona hataniwi na hatanii. Mama yake mzazi alikohoa hivyo hivyo, nyumba nzima ikisema ni baridi ya mlimani, mpaka walipompeleka hospitali ilikuwa kifua kikuu na muda ulikuwa umepita. Nilikuwa nalijua hilo. Nilihudhuria arobaini yake. Na bado nilitoka mle chumbani nimefura kama andazi, nikalipiga beseni chini uwanjani ili wote wasikie kwamba sijakasirika.

Aliyekuja kumwogesha mtoto ni jirani yetu wa upande wa kisima, mama wa makamo anayenusa ugoro mchana kutwa. Nilikaa kibarazani nikamsikia akimwimbia mjukuu wangu, tena wimbo wenyewe anaukosea. Alipotoka akaniambia, "Ntoto mzuri, dada. Kakufanana paji la uso." Mtu akikuambia hivyo kuhusu mjukuu ambaye hujamshika, unaweza kumpiga na beseni. Sikumpiga. Nilikuwa nakohoa.

Basi nikaanza kujitibu, na nilijitibu kwa bidii ya mtu asiyejua. Tangawizi na ndimu. Asali. Kitunguu kibichi kilicholala kwenye sukari. Kombe, ule wino wa zafarani wa aya zinazooshwa kwa maji na kunywewa, kutoka kwa maalimu wa chuo cha Kurani. Dawa ya maji ya kikohozi kutoka sokoni, ya mtoto, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tamu. Antibiotiki alizobakiza jirani wa ugoro. Nilizichanganya zote bila mpango, na zote zikashindwa kwa pamoja, hivyo hata sikujua nimlaumu nani.

Kati ya chumba changu na chao kuna ukuta wa udongo usiofika juu, kama nyumba nyingi zilivyo, upepo upite. Sauti nayo hupita. Nilikuwa namsikia mtoto akinyonya, akilalamika, akipiga chafya. Wao walikuwa wananisikia mimi. Nilizoea kukohoa nimejifunika mto usoni nisimwamshe, na mto haukusaidia kitu.

Mwishowe mkwe wangu ndiye aliyesema, "Mama, twende sentro." Akimaanisha kituo cha afya. Nilienda kwa sababu moja tu: nipate karatasi ya kusema sina kitu, niiweke mbele yake, nipewe mtoto.

Aliyenipokea alikuwa kijana, fundi wa tiba aliyetoka Nampula, Mmakua aliyejifunzia Kiswahili hapa hapa kwetu. Sisi kila avaaye koti jeupe tunamwita dotori, naye alikuwa amechoka kukataa. Akaniuliza kimeanza lini. Nikamwambia. Akahesabu kichwani, akaniita mwalimu kwa Kireno.

"Kimeshapita wiki nane, professora. Kikohozi cha mafua hakifiki huko. Hiki tunakitafuta kwa hatua."

Akaanza maswali. Je, natema damu? Hapana. Natoka jasho usiku mpaka nguo zinalowa? Hapana. Nimepungua mwili? Nikamwambia atazame mwenyewe, akainamisha macho. Homa? Kubanwa pumzi? Sauti kukauka? Navuta sigara? Nilitaka kujua anadhani anaongea na nani. Napikia nini? Kuni. Ndani au nje? Ndani, mvua ikinyesha. Chaki je? Chaki kila siku.

"Na unatumia dawa yoyote?"

"Mimi si mtu wa dawa," nikamwambia, na nilimwambia kwa fahari, kidevu juu.

Akanifunga mkononi ule mkanda wa kupimia presha, ukanibana, ukaachia. "Tensão yako nzuri sana," akasema. Nikamshukuru kana kwamba nimeitengeneza mwenyewe.

Ninawafundisha watoto wa miaka saba kusoma swali mpaka mwisho kabla ya kujibu. Nimewapigia kelele watoto wa watu kwa jambo hilo miaka na miaka. Basi.

Kwanza, akasema, hapa kwetu hatuwezi kuongelea jambo lingine kabla ya kukiondoa kifua kikuu. Akanipa kikopo nitoe makohozi. Kikohozi changu, ambacho kilikuwa kinatikisa madirisha ya shule, siku hiyo kikagoma kutoa chochote. Nilisimama nyuma ya jengo nimeshika kikopo, nikikohoa kwa nguvu zote, na kinamama waliopanga foleni ya kupima watoto uzito wakinitazama kwa huruma. Nilipata kidogo kwa taabu, nikakileta kimefunikwa kwa kanga kana kwamba nimeiba. Walinipima damu pia, vile virusi, na yote mawili yakarudi safi. Kisha kikaja kikosi cha afya chenye mashine ya kubebeka ya kupiga picha ya kifua, nami nikasimama mbele ya ubao wake, nimevuta pumzi na kuizuia, nikiomba nisikohoe kabla mpiga picha hajasema basi.

Yule dotori aliiangalia picha muda mrefu. Kisha akanionyesha, hapa moyo, hapa mapafu, hakuna doa. "Kifua chako kizuri," akasema.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa pikipiki zilikuwa zinaniita, nipate muda wa kupanga hotuba. Nilimkuta mkwe wangu anafua. Nikamwambia: makohozi safi, damu safi, picha safi, na dotori mwenyewe kasema naweza kumshika mtoto, siambukizi mtu.

Akafikiri. Akakamua nepi.

"Nashukuru Mungu, mama," akasema. "Lakini unakohoa."

Nikamwuliza kama yeye ni dotori. Nilimwuliza kwa sauti iliyowafanya majirani wa kisimani wainue vichwa. Machozi yalimlengalenga, akaendelea kufua. Nikakumbuka kwamba hata kwa mama yake, mara ya kwanza, kwenye zahanati, waliambiwa makohozi ni safi. Alikuwa amenisimulia mwenyewe, zamani, kabla sijawa adui. Nikaingia ndani nikakaa kitandani. Niliumia, na nilijua kwamba yeye naye anaumia, na sikujua la kufanya na maumivu ya watu wawili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine. Karatasi haisaidii. Ni kikohozi chenyewe kiondoke.

Niliporudi sentro yule kijana akanieleza vizuri, akichora kwenye kipande cha kasha la dawa. Picha ikiwa safi, na mtu havuti sigara wala hana dalili mbaya, kikohozi kinachokaa mara nyingi hutoka sehemu tatu: puani, makamasi yakidondokea kooni kwa nyuma; kwenye mirija ya pumzi, pumu iliyojificha isiyopiga hata filimbi; au tumboni, asidi ikipanda juu. "Tunajaribu moja, tunaipa muda wake. Isipofaa tunaiacha, tunaenda ya pili. Ikifaa nusu tunaendelea nayo, tunaongeza nyingine, kwa sababu sababu zinaweza kuwa mbili. Lakini usiniongezee vyako, professora. Ukiongeza, sitajua nini kimefanya nini."

Nikaahidi. Nina uso wa kuaminika.

Kwanza akautoa moshi. Jiko likahamia nje, chini ya bati, na ubao wangu ukaanza kufutwa kwa kitambaa kibichi na mwanafunzi wa mbele. Kikohozi hakikujali.

Kisha pua. Nilikuwa nakiri kwamba kamasi ninalo kidogo, nani hana? Akanipa vidonge vya mzio vile vya zamani, vinavyoleta usingizi, na kunifundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Maji yaliingia kila mahali isipokuwa pale alipoonyesha. Vidonge navyo vilinilaza. Nililala nikisahihisha madaftari. Nililala kwenye kikao cha walimu, nikaamka nimechaguliwa kusimamia usafi wa vyoo. Siku moja nilisinzia nimesimama, mkono ubaoni, na darasa zima la pili likakaa kimya bila kuambiwa kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Kilichoniamsha ni kikohozi.

Na niliongeza vyangu. Ndiyo. Nilikunywa kombe tena, na tangawizi, na kitu cheusi alichokileta jirani ndani ya chupa ya soda. Dotori aliponiuliza nikasema hapana, kisha nikanuka tangawizi mbele yake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ataanza kuhesabu upya, na nikaona nimempoteza mjukuu wangu siku nyingine kadhaa kwa ajili ya chupa ya soda. Hilo lilinitia adabu kuliko maneno yoyote. Toka siku hiyo sikuongeza hata asali.

Pua ikashindwa, tukaenda kwenye mirija. Kulikuwa na kibomba cha plastiki chenye mshale na namba; unapuliza, mshale unasogea. Akasema nipulize kwa nguvu mara moja. Nikauliza rekodi ni ya nani. Nikapuliza mpaka nikaona nyota, na kikohozi kikanikunja, lakini mshale ulikuwa juu. Akanipa dawa ya kufungua mirija, tukasubiri, nikapuliza tena. Mshale pale pale. Hilo, akasema, linapunguza shaka ya pumu, lakini haliiondoi kabisa, tena mashine kubwa ya kupimia pumzi hapa hatuna. Akanipa kipulizio cha kutumia asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, akatoboa chupa ya maji ya plastiki tundu la kukiingizia ili dawa ifike chini isiishie kinywani. Baada yake nisukutue. Jirani akaniona kibarazani nimebana chupa mdomoni, nikipumua, akaenda kuwaambia watu kwamba mwalimu sasa anavuta chupa tupu.

Nilifanya yote kama alivyosema, kwa wakati alivyosema. Sijawahi kuwa mwanafunzi mzuri namna hiyo. Na muda ulipokwisha nilikuwa nakohoa vile vile, na mtoto upande wa pili wa ukuta alikuwa amejifunza kucheka. Nilimsikia akicheka mara ya kwanza. Mkwe wangu akaniita, "Mama, umesikia?" Nikajibu nimesikia. Nilisimama na kikombe cha chai mkononi, uso umeelekea udongo, nikisubiri acheke tena.

Ndipo ilipofika siku ile. Mkwe wangu alikuwa anampeleka mtoto kupimwa uzito, nasi tukaenda pamoja, yeye mbele na mtoto mgongoni ndani ya kapulana, mimi nyuma, hatua kadhaa, kama polisi. Dotori akatuingiza wote. Akaniuliza kama napata kiungulia, tumbo kujaa, maji machungu kupanda nikilala. Sipati. "Basi dawa ya asidi nikikupa bila dalili itakuwa ni kubahatisha," akasema. "Afadhali nikuandikie uende Pemba. Kule wana mashine ya picha kubwa zaidi. Pengine watataka kuingiza kamera ndogo, waangalie ndani ya mirija."

Nilisikia kamera na mirija. Nikasikia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na barabara ile, na wiki nyingi, na mtoto anakua.

Nikawaka. Nilimwambia kwamba nimelala mbele ya wanafunzi wangu kwa sababu yake, nimevuta chupa kwa sababu yake, nimeosha pua kwa chumvi kama samaki wa kukaushwa, na yeye sasa anataka kunitia kamera. Nilimwuliza kama Nampula hawafundishi watu kutibu kikohozi. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Kinamama wa foleni ya uzito walikuwa wamefika mlangoni. Kikohozi kikanikamata katikati ya sentensi, na ilikuwa sentensi nzuri.

Katika ule upenyo mkwe wangu akasogea, akamwambia dotori kwa sauti ya chini, ya kuniombea radhi:

"Msamehe, dotori. Leo tumetoka mapema, mama hajameza kidonge chake cha hasira."

Dotori aliacha kuandika.

"Kidonge gani?"

Hapa lazima nieleze. Tulipokuwa tumekimbilia Pemba wakati wa vita, mimi na maelfu ya wengine, kulikuwa na watu wa afya wakipima kila mtu mwenye umri wangu. Muuguzi mmoja alinifunga mkanda akasema tensão iko juu sana. Sasa hapa kwetu mtu akisema tensão imempanda fulani, maana yake fulani ana hasira, jihadhari, usimkaribie. Nilisikia ametukana tabia yangu mbele ya watu. Nikachukua vidonge kwa ghadhabu. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini, na kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu kile kikawa kidonge cha hasira. Akienda dukani kuninunulia vingine anasema hivyo hivyo: nakwenda kumletea mama za hasira. Nilikimeza kila asubuhi na chai. Vita vikapungua, tukarudi Palma, nikaendelea. Wala siwezi kusema nilikificha kwa dotori. Aliniuliza dawa. Dawa ni ya mgonjwa, unameza, unapona, unaacha. Hiki kilikuwa cha tabia.

Nilikuwa nacho mkobani, nimekifungia kwenye leso. Nikakitoa. Akasoma nyuma ya karatasi ya vidonge, akaifunika midomo yake kwa mkono. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka au kulia, na vyote viwili vingekuwa haki yake.

"Hii ni enalapril, professora. Hii ni dawa."

"Hiyo ni ya tensão."

"Tensão ni ugonjwa. Ni nguvu ya damu kwenye mishipa. Haina uhusiano na kupiga kelele." Kisha, kwa kuwa ni mkweli, akaongeza, "Sana." Halafu akasema kwamba dawa za jamii hii, baadhi ya watu zinawakohoza. Kikohozi kikavu, chenye mkwaruzo kooni. Kama ningemwambia siku ya kwanza, hii ndiyo ingekuwa hatua ya kwanza, kabla ya pua, kabla ya chupa.

Nilijitetea. Nilimwambia nilikimeza muda mrefu kabla ya kukohoa, hivyo si chenyewe. Akasema kinaweza kuanza baada ya siku chache, na kinaweza kungoja miezi. Nikamwambia mwenyewe alisema tensão yangu nzuri. "Nzuri kwa sababu ya kidonge," akasema. Mkwe wangu alikuwa ameangalia chini, mabega yakimtikisika, na nikajua hakuwa analia.

Hakuniachisha hivi hivi. Alisema tensão isiyo na dawa ni hatari kuliko kikohozi, akanibadilishia, akanipa ya jamii nyingine kabisa ambayo haina tabia ya kukohoza, na kuniambia nirudi kupimwa. Barua ya Pemba akaiweka pembeni kwanza. Na akaniambia jambo ambalo sikulipenda: hakitaondoka kesho. Wiki kadhaa, pengine miezi mitatu. Nisikate tamaa, na nisiongeze kitu.

Njiani mkwe wangu akasema, "Mama, nisamehe, sikujua kama ni dawa." Nikamwambia hata mimi. Tukatembea sambamba, si mbele na nyuma.

Dawa mpya ilinivimbisha vifundo vya miguu kidogo, viatu vyangu vya shule vikanikataa, nikawa nafundisha na ndara. Niliripoti hilo mara moja, na aina ya mafuta niliyopikia, na chai niliyokunywa, na majani ya mwarobaini niliyoyapita njiani. Dotori akasema si lazima nimweleze mpaka hayo.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili nilidhani, kisha nikasema najidanganya. Halafu siku moja nikaita majina ya darasa zima, mpaka la mwisho, na watoto wakaangaliana. Walikuwa wamezoea kupumzika katikati. Kikawa kinanijia jioni tu, kisha nikicheka tu, kisha sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini, na nasikitika, kwa sababu ningependa kukiaga vizuri kwa matusi.

Sikusema kitu nyumbani. Kwa mara moja katika maisha yangu nilinyamaza. Niliogopa nikiomba nitaambiwa bado, na niliogopa zaidi kwamba nitaomba na kukohoa.

Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Mkwe wangu akatoka chumbani, akanishika mkono, akautoa kwenye ungo, akauweka sawa, na akanipa mtoto. Bila hotuba. Alikuwa mzito, ana vikuku vya mafuta mikononi, na paji la uso kweli ni langu, maskini.

Mtoto akanitazama akaanza kulia.

Nilimtikisa. Nikamwimbia, wimbo sahihi. Akalia zaidi, akajikunja nyuma, akamnyooshea mama yake mikono. Kwa nini asilie? Mimi kwake nilikuwa mtu wa barabarani. Jirani wa ugoro angempokea akanyamaza, jirani alimjua. Nilisema, "Mchukue, mwanangu, usimtese," na nilisema kwa upole, na ulikuwa upole wa kweli, kwa sababu sikuwa na hasira hata chembe, nilikuwa na huzuni.

Mkwe wangu hakumchukua. Alisimama akisita, mtu anayetaka kusema jambo la kuona haya.

"Mama," akasema, "kohoa kidogo."

Nikafikiri nimesikia vibaya.

"Tangu umenyamaza analala vibaya. Anaamka, anasikiliza ukutani. Huyu kakusikia tangu yumo tumboni. Kohoa, mama."

Nikakohoa. Kikatoka cha uongo, cha mtu anayebisha hodi asiyejua kama ni nyumba yenyewe. Mtoto akanyamaza nusu. Nikakohoa tena, vizuri, kile cha zamani, cha kifuani, cha mtu mwenye tensão. Akafunga mdomo. Akanigeukia na machozi yake mashavuni, akakitazama kinywa changu, kisha macho, kisha kinywa tena, na mkono wake ukaja ukanishika midomo.

"Ndiye huyo," mkwe wangu akamwambia. "Bibi yako ndiye huyo."